Kaulimbiu ya ushirika wa chupa za plastiki: jinsi ya kuitunga mpaka ikae mgongoni mwa kizibao

Dar es Salaam, ukitaka kusema mtu amerukwa na akili, unasema anaokota makopo. Mtoto akizembea shule anatishwa kwa maneno hayo hayo: utaokota makopo. Kenya wana chokoraa, neno lililotoka kwenye kuchokora, yaani kuchakura pipani. Ushirika wa wakusanya chupa unapotaka kaulimbiu, ujue tangu mwanzo kwamba msikilizaji ana maneno haya kichwani tayari. Ukiandika sentensi yoyote tamu bila kuyafikiria, yeye atasikia makopo tu.

Nawaandikia makatibu na viongozi wa vikundi ambao mkutano umewabebesha kazi ya "tutafutie kaulimbiu". Nitafuata kisa kimoja mwanzo hadi mwisho, cha ushirika wa watu 26 wilayani Temeke, wengi wao akina mama, niliokaa nao wiki tatu tukiitafuta kaulimbiu yao. Walikuwa na mzani, kibanda cha mabati, maguta mawili na hamu ya kupaka kitu mgongoni mwa vizibao vyao vipya. Vizibao vilikuwa vimeshanunuliwa, na fundi wa kuchapa alikuwa anasubiri maneno.

Hatua ya kwanza: chagua sikio moja

Kaulimbiu haiwezi kusema na kila mtu. Ushirika wa chupa una masikio matatu makubwa. Kuna mwenye nyumba anayetupa chupa, kuna mnunuzi wa robota, na kuna ofisi ya mtaa inayoamua kibanda kikae wapi. Kila mmoja anahitaji kusikia jambo tofauti. Mnunuzi anataka kujua mzigo ni safi. Ofisi ya mtaa inataka kujua hamtaacha uchafu barabarani. Mwenye nyumba yeye anahitaji kuonyeshwa kwamba mtu aliyesimama getini kwake yupo kazini.

Wale wa Temeke walichagua mwenye nyumba, na sababu yao ilikuwa ya kibiashara kabisa. Chupa iliyotoka jikoni moja kwa moja ni safi. Ikishalala pipani usiku mmoja pamoja na mabaki ya wali, mafuta na mchanga, inakuwa mzigo mwingine. Itachukua muda kuoshwa, na isiposafishwa vizuri mnunuzi atakata kilo akisema ni uchafu, au ataurudisha mzigo wote. Kwa hiyo kila nyumba inayokubali kutenga chupa kwenye mfuko wake pembeni inaongeza kipato chao, hata kama idadi ya chupa haikubadilika.

Kikwazo kilikuwa kwamba mwenye nyumba alikuwa anaona jambo moja tu: mtu anainama, anaokota, anaondoka. Akilini mwake huyo mtu kapata cha bure. Kinachotokea baada ya guta kukata kona hajawahi kukiona. Tukakubaliana kwamba kaulimbiu iwe na kazi moja, kumwonyesha kile kisichoonekana kutoka getini.

Hatua ya pili: kaa mzani ulipo, andika kazi

Hapa ndipo vikundi vingi vinaruka. Wanaitana chini ya mti, kila mtu anataja maneno mazuri, na jioni wanaondoka na kitu ambacho kikundi cha sabuni kingeweza kukitumia vile vile. Usianze na maneno. Chukua daftari, kaa karibu na mzani asubuhi tatu mfululizo, na uandike mikono inafanya nini. Andika vitenzi vitupu, bila sifa.

Asubuhi ya kwanza nilikaa na mama mmoja aliyekuwa na kisu kidogo, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Aliichukua chupa ya maji ya nusu lita, akaipindua, akatazama kitako. Palikuwa na kile kipembetatu chenye namba 1, na katikati ya kitako kidoti kidogo kilichotuna. "Hii yetu," akasema. Akachukua nyingine, ya rangi ya maziwa, chini ina mstari kama mshono. "Hii si yetu, hii inakwenda na ndoo." Hakuisoma namba. Kidoti na mshono vilimtosha, kwa sababu chupa za maji na soda hupulizwa kutoka kwenye kijichupa kinene kilichomiminwa kwanza, na kidoti ni alama ya pale plastiki ilipoingilia. Zile za mshono zimetengenezwa kwa njia nyingine na kwa plastiki nyingine.

Kisha akafungua kifuniko, akakitupia kwenye ndoo ya vifuniko. Nikamuuliza kwa nini asiviache humo humo. Akanionyesha kwa beseni la maji: kipande cha chupa kilizama, kifuniko kikaelea. Ni plastiki mbili tofauti, na vifuniko vinauzwa peke yake. Tena chupa yenye kifuniko hubaki na hewa, ukiikanyaga inakurudi. Kisha kisu kikapita pembeni, lebo ikatoka mara moja. Lebo nazo ni plastiki nyingine. Ipo aina moja ambayo mafundi wanaiita pivisi, na hiyo kidogo tu ikiingia kwenye tanuri pamoja na plastiki ya chupa inaungua kabla ya mwenzake, inatoa asidi, na mzigo mzima unageuka rangi ya chai. Mama hakujua jina hilo, ila alijua mzigo wa namna hiyo haununuliwi.

Asubuhi ya tatu daftari lilikuwa na vitenzi hivi, kwa mpangilio wa kazi: kupokea, kufungua, kumwaga, kuvua, kuchambua, kukanyaga, kupima, kufunga. Yaani unapokea chupa, unafungua kifuniko, unamwaga maji yaliyobaki, unavua lebo, unachambua nyeupe kando, bluu kando, kijani kando, unakanyaga, unapima kiroba, unafunga robota. Vilikuwa vinane. Nilivihesabu mara mbili kwa sababu sikutegemea idadi ingetulia hivyo, kisha nikamwomba mwenyekiti ahesabu naye bila kuona daftari langu. Alipata vinane.

Tukafanya na hesabu nyingine pale pale. Waliweka chupa tupu za nusu lita kwenye mzani, moja moja, mpaka ikatimia kilo. Zilikuwa 58. Kupima na kufunga hufanywa kwa mkupuo, lakini zile kazi sita za mwanzo kila chupa inazipitia yenyewe. Sita mara 58 ni 348. Kilo moja imeshapita mikononi mara 348 kabla haijapanda mzani. Nakumbuka kimya kilichoingia pale kibandani. Walikuwa wameifanya kazi hiyo miaka, hakuna aliyewahi kuihesabu. Nanyi fanyeni hesabu yenu, kwa chupa za mtaa wenu, maana chupa nyepesi zitahitaji wingi zaidi kutimiza kilo.

Hatua ya tatu: kitenzi kwanza

Kiswahili kimekaa kwenye kitenzi, na thamani ya mtu katika sentensi inategemea kitenzi ulichompa. Kuokota ni kupata kitu bila kukifanyia kazi. Unaokota shilingi njiani, unaokota embe lililoanguka. Ndiyo maana neno hili linamshusha mkusanyaji hata kama msemaji hana nia mbaya: linasema hakufanya kitu. Kuzoa kunavuta taka nyuma yake. Kukusanya ni neno safi, lakini baridi, la ofisini. Kuvuna limeanza kupendwa na wengi, nami nina shaka nalo, kwa sababu anayevuna tunategemea amepanda, na msikilizaji atajiuliza mlipanda wapi.

Neno lililobeba ujuzi ni kuchambua. Mchele unachambuliwa, pamba inachambuliwa, hata mpira redioni una wachambuzi wake. Anayechambua anajua kutofautisha. Kama ushirika wenu unataka neno la kujiita kwenye barua na vitambulisho, "wachambuzi wa chupa" lina uzito ambao "waokotaji" halitakuja kuupata. Jambo la jina si dogo. Brazili mwaka 2002 kazi hii iliingizwa kwenye orodha rasmi ya kazi ya serikali, na jina lililoandikwa halikutaja takataka, lilitaja vitu vinavyorejelezwa. Tangu hapo mkusanyaji anaweza kuitaja kazi yake kwenye fomu kama seremala au dereva anavyoitaja yake.

Hatua ya nne: tunga nyingi, hesabu mizani, kisha kuwa mkali

Sasa ndiyo muite watu chini ya mti. Wasomeeni vile vitenzi vinane, kisha kila mmoja atoe yake. Kipimo chetu kilikuwa kile cha kipande cha shairi: mizani nane, au karibu na hapo, yenye pumzi katikati. Sikio la Mswahili limeshazoea kipimo hicho, na tulitaka mtu aisome ikimpita njiani na kufika nayo nyumbani, kama jina la kanga. Hesabu kwa silabi, gonga meza kwa kidole. Zikipita kumi na mbili hazitabebwa, na mgongo wa kizibao hautazitosha.

Zilitoka nyingi. Nitataja nne zilizokaribia, kwa sababu kila moja ina kosa ambalo na ninyi mtakutana nalo.

"Taka ni mali" ilitajwa kwanza, na kila kikundi huanza nayo. Tayari imeandikwa kwenye kuta nyingi, lakini hilo si kosa lake kubwa. Itazame vizuri: inasifu taka. Mtu hayumo. Thamani imetoka mikononi mwa mama yule wa kisu ikarudi kwenye chupa yenyewe. Na mwenye nyumba akiamini kweli kwamba taka ni mali, jambo la kwanza atakalofanya ni kuuliza mnanunua shilingi ngapi.

"Hatuokoti, tunaokoa" ilipigiwa makofi. Ina mizani tano kwa tano, na okota na okoa yanapishana herufi moja tu. Nami niliipenda usiku mzima. Asubuhi nikaiona ubovu wake: inaanza kwa kurudia tusi. Ukimwambia mtu "hatuokoti", neno la kwanza kuingia kichwani mwake ni okota. Ukikanusha jina baya, unalitembeza mwenyewe mitaani. Kisha "tunaokoa" inabaki inaning'inia, maana hatukusema tunaokoa nini.

"Usitupe, tupe sisi" ilitoka kwa kijana mmoja wa guta, mizani nne kwa nne, mchezo mzuri wa maneno. Tukaisoma kwa sauti mara kumi ndipo tukasikia hitilafu. "Usitupe" ni usiitupe chupa, lakini pia ni usitupe sisi, yaani usitupatie. Mtu akiisikia harakaharaka kwenye kelele za barabara, inajipinga. Ukiweka "usiitupe" maana inanyooka ila mwendo unavunjika. Na hata ingenyooka, mama mmoja alisema neno lililomaliza mjadala: "Tupe, tupe, tutaonekana ombaomba." Yupo getini, kanyosha mkono, na mgongoni kaandika tupe. Picha hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia.

"Kiwanda huanza kwetu" ilikuwa nzuri kweli. Ina mizani nane, inasema kweli, na inamweka mchambuzi mwanzoni mwa uzalishaji badala ya mwishoni mwa pipa. Tungekuwa tumechagua sikio la mnunuzi, ningeisimamia hii mpaka mwisho. Ikaingia kwenye majaribio pamoja na ya tano, iliyotoka moja kwa moja kwenye daftari: "Chupa moja, kazi nane."

Hatua ya tano: ijaribu kwa wasiowajua

Msiwajaribu jamaa zenu, watawasifu. Tulichukua nyumba 20 mtaa wa pili, ambako ushirika ulikuwa haujafika. Wanachama wawili walikwenda na kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene, nyumba 10 kwa kila kaulimbiu. Maswali yalikuwa matatu tu. Hapa pameandikwa nini? Unaelewa nini? Na kesho yake, wakirudi bila boksi: jana tulikuja na maneno gani?

"Kiwanda huanza kwetu" ilisomeka vizuri na wengi waliikumbuka kesho yake. Lakini kwenye kuelewa, watu walisema, "Mna kiwanda? Kiko wapi?" Baba mmoja aliuliza kama kuna nafasi za kazi. Walikuwa wanasikia kiwanda, hawasikii mikono.

"Chupa moja, kazi nane" ilileta jambo ambalo hatukulipanga. Karibu kila mtu alijibu swali la pili kwa swali: kazi nane zipi? Na yule mama wa kisu, aliyekuwa mmoja wa wapelelezi wetu, akawa anajibu kwa vidole, kidole kimoja kwa kazi moja, chupa mkononi. Getini kwa mwalimu mmoja mstaafu alifika kidole cha tano, mwenye nyumba akaingia ndani akatoka na chupa tatu, akavifungua vifuniko mwenyewe na kuzimwaga maji. "Basi leo umebaki na sita," akamwambia.

Kulikuwa na kasoro, na nitaisema. Watu wawili walielewa kwamba chupa moja inaajiri watu wanane, kwa sababu "kazi" kwetu ni shughuli na pia ni ajira. Tulifikiria kubadilisha iwe "hatua nane", ikapoteza kipimo na ikanuka ofisi. Tukaiacha, kwa kuwa aliyeelewa vibaya naye aliuliza, na akiuliza anajibiwa. Kama kwenye jaribio lenu wanaoelewa vibaya ni zaidi ya robo, msiiache. Rudini kwenye daftari.

Hatua ya sita: mkutano, kisha rangi

Ipelekeni kwenye mkutano wa wanachama, ipigiwe kura, iandikwe kwenye muhtasari. Watakaotembea nayo mgongoni ni wao, na mtu akivaa maneno asiyoyataka ataugeuza upande kizibao. Kura yetu ilikuwa 23 kwa 3. Wale watatu walitaka "Taka ni mali", na mmoja wao bado anaitaka.

Kwenye kizibao tumia herufi kubwa kama za kanga, mistari miwili, maneno mawili kila mstari: CHUPA MOJA juu, KAZI NANE chini. Herufi zilikuwa na urefu wa sentimita 5, rangi nyeusi juu ya njano. Fundi alitaka kuongeza mche wa kijani, mishale mitatu na namba ya simu. Tulimkatalia vyote isipokuwa simu, iliyokaa kifuani kwa herufi ndogo. Kabla hajachapa zote mlipe achape moja, mtu aivae, simama hatua 20 nyuma yake na mwambie mtoto wa darasa la tatu aisome. Akikwama, tatizo ni rangi au unene wa herufi.

Gutani nafasi ni kubwa, na hapo tuliviandika vitenzi vyote vinane ubavuni, kwa mstari, chini ya kaulimbiu. Guta linaposimama, watu wanasoma na kuhesabu wenyewe. Kwenye viroba vya kugawa majumbani tulibandika maneno mengine kabisa, maelekezo tu: fungua kifuniko, mwaga maji, weka hapa. Kiroba kinatakiwa kuelekeza, kisibebeshwe kaulimbiu.

Kama mnatafuta siku ya kuanza, tarehe 1 Machi inaadhimishwa duniani kuwakumbuka wakusanyaji taka waliouawa Barranquilla, Kolombia, mwaka 1992. Ni siku nzito, kwa hiyo anzeni kwa kuwakumbuka hao, si kwa muziki.

Hatua ya saba: jibu liwe tayari, na liwe kweli

Kaulimbiu inayoleta swali inamdai kila mwanachama jibu. Tulifanya zoezi jioni mbili. Kila mtu alisimama na chupa, akataja kazi nane kwa vidole, ndani ya nusu dakika, na akamaliza kwa hesabu ya 348. Watu wanne walikuwa wanasahau kumwaga. Wawili waliona haya kusema mbele ya watu, wakapangwa kwenye mzani badala ya getini.

Sehemu ya kweli ndiyo ngumu, kwa sababu kazi hubadilika. Miezi michache baadaye mnunuzi mpya alisema anachukua chupa na lebo zake, kiwandani wana mashine ya kuzivua. Kazi zikawa saba. Baadhi walisema nani atajua, tuendelee tu. Yule mama wa kisu alikataa. Alisema watu wa getini wamemhesabia vidole, na yeye hatawapa kidole cha uongo. Mkutano ukakubaliana waendelee kuvua lebo na kuuza mzigo wao kama uliovuliwa, kwa bei ya juu kidogo kuliko wa wenzao. Mnunuzi alizungushazungusha wiki mbili, kisha akaongeza bei. Angekataa, vizibao 26 vilikuwa virudi kwa fundi, na makisio ya gharama ya kuchapa upya yalikuwa yameshaandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari.